Ramani ya kiwanja cha shule inapokataa: dalili, vyanzo na marekebisho ya somo la skeli

Somo lenyewe ni hili. Wanafunzi wa miaka 10 hivi wanatoka nje na kuchora kiwanja cha shule kwa macho tu. Kipindi cha pili wanakipima kwa hatua zao. Cha tatu wanakichora upya kwa skeli, kisha wanaisoma ramani yao wenyewe: kutoka langoni hadi kwenye mti ni mita ngapi? Kwa kulitazama, ni somo jepesi. Kwa kulifundisha, ni somo linaloharibika kwa namna nane, na kila moja ina alama yake kwenye karatasi.

Nimelifundisha kwa miaka kadhaa, na jambo lililonichukua muda kuligundua ni kwamba kosa linaloonekana kwenye daftari mara nyingi lilizaliwa nje, uwanjani. Mwalimu akikimbilia ubaoni kusahihisha hesabu, anaziba mahali ambapo hapavuji. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeifuata mpaka ilikoanzia.

Nitatumia kiwanja kimoja mwanzo hadi mwisho ili namba zisitupoteze. Upande wa barabara una urefu wa mita 120. Pande mbili zinazopanda kutoka barabarani zina mita 84 na mita 94. Upande wa nyuma unaziunganisha. Ndani kuna jengo la madarasa lenye mita 24 kwa mita 7, vyoo vyenye mita 4 kwa mita 3, bomba la maji, na mti mkubwa wa kivuli. Karatasi ni A4, yaani sentimita 29.7 kwa 21.

Dalili: majengo yana nyuso

Kwenye mchoro wa kwanza darasa lina mlango, madirisha na paa la pembetatu, na mti umesimama na matawi yake. Mchoro huu haupimiki. Ukiweka rula kwenye jengo, unapima urefu wa ukuta kwenda juu, kitu ambacho ramani haikionyeshi kabisa.

Chanzo ni kwamba mtoto anachora anachokiona akiwa amesimama, na hajakosea kuona. Anachokosa ni mahali pa kutazamia. Usimwambie "fikiria wewe ni ndege" na kuishia hapo. Wengi huishia kuchora ndege. Weka boksi, kikombe na kitabu juu ya karatasi mezani, mwambie azungushie penseli kila kimoja, kisha aviondoe. Alama zilizobaki ni mstatili, duara na mstatili. Hiyo ndiyo ramani ya meza, na ina bahati moja kubwa: ina ukubwa sawasawa na meza yenyewe, yaani skeli yake ni 1:1. Neno "skeli" likitajwa kwa mara ya kwanza hapo, mtoto analisikia akiwa na kitu mkononi.

Mchoro wa kwanza usiutupe wala usiusahihishe. Uhifadhi, utauhitaji mwishoni.

Dalili: shule imezidi karatasi

"Mwalimu, karatasi imekwisha na sijafika kwenye kona." Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ina vyanzo viwili visivyofanana hata kidogo. Kabla ya kumpa karatasi nyingine, muulize swali moja: ulihesabu ngapi upande wa barabara?

Akijibu "192", tatizo ni hatua. Ameihesabu kila hatua kuwa mita moja, na kwa skeli ya sentimita 1 kwa mita 5 upande huo umekuwa na sentimita 38.4. Hakuna A4 itakayoubeba. Watu wazima ndio tuliowafundisha kusema hatua moja ni mita moja, na hata kwa mtu mzima anayetembea kawaida huwa si kweli.

Dawa yake ni kuipima hatua kabla hatua haijapima kitu chochote. Nyoosha kamba ya mita 20 chini, mahali tambarare. Mtoto atembee mwendo wake wa kawaida, bila kunyoosha miguu, mara tatu. Mmoja wa wanafunzi wangu alipata hatua 31, 33 na 32. Wastani ni 32, na mita 20 ukigawa kwa 32 unapata mita 0.625 kwa hatua. Sasa zile hatua 192 zinasema ukweli: 192 × 0.625 ni mita 120 kamili.

Hapa kuna mtego ambao ulininyima usingizi mara ya kwanza. Kundi moja lilikuwa limepima hatua vizuri, hesabu zake safi, lakini pande mbili zilikuwa sawa na mbili zilikuwa fupi mno. Niliwahoji kwa muda mrefu kabla sijajua kwamba mtembeaji alichoka katikati na mwenzake mrefu akampokea. Hatua 0.625 ilikuwa ya mtoto wa kwanza. Ya pili haikuwahi kupimwa. Tangu hapo kila kundi lina mtembeaji mmoja mpaka mwisho, mwingine anahesabu kwa sauti, na wa tatu anaokota kokoto moja kwa kila hatua kumi. Kokoto husaidia kwa sababu mtoto akiitwa jina lake anapoteza hesabu, lakini kokoto zilizo mfukoni hazipotei. Ukiweza, pima hatua kwenye ardhi inayofanana na ile itakayopimwa, maana nyasi ndefu na mteremko hubadilisha hatua.

Akijibu "mita 120" na bado karatasi haimtoshi, tatizo ni skeli aliyochagua, na mara nyingi aliyeichagua ni mwalimu. Skeli haichaguliwi kwa sababu ni namba nzuri. Inachaguliwa kwa kugawa: mita 120 kwa sentimita 29.7 ni zaidi kidogo ya mita 4 kwa kila sentimita. Ukichukua 4, upande unakuwa na sentimita 30 na unaipita karatasi kwa milimita 3. Kwa hiyo unapanda hadi 5. Angalia na upande wa pili: mita 94 kwa 21 ni kama 4.5, nayo inakubali 5. Ramani itakuwa na sentimita 24 kwa 18.8, na kando itabaki nafasi ya ufunguo na alama ya kaskazini.

Kwa nini tusichukue 10, iliyo rahisi zaidi kwa hesabu? Jaribu vyoo. Kwa sentimita 1 kwa mita 10 vinakuwa milimita 4 kwa 3, na mtoto hawezi kuvichora vikafanana na chochote. Kwa 5 ni milimita 8 kwa 6, vinaonekana. Nawaachia wanafunzi wafanye ugawaji huu wenyewe hata kama unakula robo ya kipindi. Mtoto aliyechagua skeli anajua ni ya nini. Aliyepewa anajua tu kuiandika chini ya ramani.

Dalili: pande hazikutani

Mtoto ameanza konani, amezunguka pande tatu, na wa nne unapaswa kurudi alipoanzia. Haurudi. Kuna pengo.

Kwanza pima pengo lenyewe. Likiwa la milimita 2 au 3, liache. Kwa skeli yetu hiyo ni mita 1 hadi 1.5, na hatua za mtoto katika mzunguko wa zaidi ya mita 400 haziwezi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Kumrudisha nje kwa pengo hilo ni kumfundisha kwamba vipimo vya kweli havina makosa, na hilo si kweli. Hata mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita unafunika sentimita 25 za ardhi.

Lakini katika kiwanja chetu pengo lilikuwa la sentimita 2, yaani mita 10. Hapo pana jambo. Kundi lilikuwa limechora mstatili: 120, 84, 120, na upande wa mwisho wa 94 ukapita mahali pake. Mwanafunzi mmoja, kwa nia njema, alifuta 94 akaandika 84 ili ifunge. Chunga sana kitendo hicho. Ramani ikifunga vizuri mno, na pande zinazotazamana zikalingana mpaka milimita, uliza daftari la hatua liko wapi.

Vyanzo vinavyowezekana ni viwili: ama wamehesabu vibaya upande mmoja, ama kiwanja si mstatili. Kipimo kimoja kinavitenganisha. Watembee upande ule tena, wakianzia mwisho mwingine. Wakipata hatua 134, yaani karibu mita 84, walikosea kuhesabu. Wakipata tena 150, yaani karibu mita 94, hesabu iko sawa na umbo ndilo lililodhaniwa. Wetu walipata 151.

Watoto hudhani kila uzio una pembe mraba kwa sababu kila kiwanja walichokiona kitabuni kina pembe mraba. Ili kuzipima bila chombo, funga fundo kwenye kamba kila baada ya mita moja mpaka upate mita 12, kisha unganisha ncha. Wanafunzi watatu waishike kwenye mafundo yanayogawa kamba kuwa mita 3, 4 na 5, waikaze. Kona iliyo kati ya 3 na 4 ni nyuzi 90. Waiweke ndani ya kona ya uzio waone kama uzio unafuata kamba au unaiacha. Kwa kiwanja chetu kona mbili za barabarani zilikubali, na mbili za nyuma zikakataa: moja wazi zaidi, nyingine imebana zaidi.

Baada ya hapo kuchora kunakuwa rahisi. Anza na barabara, sentimita 24. Simamisha pande mbili kwa pembe mraba, moja sentimita 16.8 na nyingine 18.8. Unganisha vichwa vyake. Upande wa nyuma haukuhitaji hata kupimwa, lakini sasa unakuwa shahidi: ukiupima kwa rula unapata sentimita 24 na punje, yaani mita 120 na kidogo, na hatua za nje zikisema vivyo hivyo, kundi zima linaona kwa macho yake kwamba ramani inajua kitu ambacho hawakukiingiza.

Kama uwanja uko wazi, ulalo nao unasema. Mstatili una milalo miwili iliyo sawa. Hapa mmoja ni kama mita 146.5 na mwingine mita 152.4. Tofauti ya mita 6 haiwezi kusingiziwa hatua. Ila katika shule nyingi majengo yanaziba ulalo, ndiyo maana mimi huanza na kamba.

Dalili: anaandika 1:5

Ramani ni nzuri, pande zinafunga, chini pameandikwa "sentimita 1 kwa mita 5", na pembeni yake "1:5". Mwanafunzi amegeuza skeli ya maneno kuwa skeli ya uwiano kwa kuondoa maneno.

Maelezo ya kwamba "vipimo lazima vilingane" nimeyatoa mara nyingi na yanasaidia kwa dakika kumi. Kinachokaa ni kumfanya aione 1:5. Mpe rula na daftari lenye urefu wa sentimita 20, achore daftari hilo kwa 1:5. Atapata mstari wa sentimita 4. Sasa muulize: kama shule nayo iko kwa 1:5, karatasi yake ingekuwa na ukubwa gani? Upande wa mita 120 ungehitaji karatasi ya mita 24, ndefu kama jengo la madarasa. Hapo anarudi mwenyewe kutafuta sifuri zilizopotea: mita 5 ni sentimita 500, kwa hiyo 1:500. Mwambie aisome kwa sauti hivi: "kitu chochote hapa, nje ni mara 500."

Dalili: 1:1000 ni kubwa kuliko 1:500

Kwa mtoto namba kubwa ni kubwa, na walimu hatusaidii tunaposema "skeli kubwa" na "skeli ndogo" bila kuonyesha. Mwache achore jengo la madarasa mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Kwa 1:500 ni sentimita 4.8 kwa 1.4. Kwa 1:1000 ni 2.4 kwa 0.7. Ipi inaonyesha jengo likiwa kubwa? Hiyo ndiyo skeli kubwa.

Tumia nafasi hiyo kumuuliza jengo dogo linaingia mara ngapi ndani ya lile kubwa. Wengi husema mara mbili. Wakate kwa makasi na wapange: mara nne. Urefu umepungua nusu na upana umepungua nusu. Sihitaji waandike kanuni yoyote ya eneo katika umri huu, inatosha kwamba vipande vinne vimekaa pale mbele yao.

Dalili: vipimo vyote vimekosea kwa kiasi kilekile

Kila umbali anaousoma kwenye ramani umezidi au umepungua kwa karibu mita 2.5, uwe mfupi au mrefu. Kosa lisilobadilika namna hiyo halitoki kwenye skeli, kwa sababu kosa la skeli hukua pamoja na umbali. Angalia rula. Rula nyingi zina nafasi ya milimita kadhaa kabla ya sifuri, na mtoto anapanga ukingo wa plastiki badala ya alama ya sifuri. Nusu sentimita ya ukingo ni mita 2.5 za kiwanja. Kagua pia kama hakuanzia kwenye 1. Hapo kosa ni mita 5 kila mara.

Dalili: nakala inadanganya

Umechukua ramani nzuri kuliko zote ukaikuza kwa fotokopi kutoka A4 hadi A3 ili uibandike ukutani. Wanafunzi wanaipima na barabara inakuwa na sentimita 33.9. Mara 5, shule imekua hadi mita 169.5. Hakuna aliyekosea isipokuwa maandishi: ukuzaji huo huongeza kila urefu mara 1.41, na 1:500 iliyoandikwa chini imekuwa uongo. Skeli ya kweli ya nakala hiyo ni karibu 1:354.

Hii ni dalili ninayoisababisha makusudi siku hizi. Kabla ya kukuza, naagiza wachore skeli ya mstari: mstari wa sentimita 4 uliogawanywa mara nne, ukiandikwa 0, 5, 10, 15, 20. Kwenye nakala mstari huo umekuwa sentimita 5.7 na bado unasema mita 20, na bado unasema kweli, kwa sababu umekua pamoja na shule. Wakiupima upande wa barabara kwa kipande cha karatasi kilichotiwa alama kutoka mstari huo, wanapata 120. Sijaona njia fupi kuliko hii ya kueleza kwa nini ramani zilizochapwa hubeba skeli ya mstari hata pale uwiano umeshaandikwa.

Dalili: hesabu ni sahihi, miguu inakataa

Hili ndilo jaribio la mwisho, na silifuti hata muda ukibana. Kila mwanafunzi anachagua vitu viwili kwenye ramani yake, anapima kwa rula, anabadilisha kuwa mita, kisha kuwa hatua zake, anaandika namba, halafu ndipo anatoka kutembea. Namba iandikwe kabla ya kutembea. Ikiandikwa baadaye, itafanana na jibu siku zote.

Mwanafunzi wetu mwenye hatua ya 0.625 alipima kutoka langoni hadi kwenye mti: sentimita 6.6. Mara 5 ni mita 33. Ukigawa kwa 0.625 ni hatua 53. Alitembea akapata 61.

Tofauti ya hatua moja au tatu ningeipitisha. Nane ni nyingi. Alitaka kufuta ramani. Nikamwambia atembee tena, na safari hii nikatembea nyuma yake. Kutoka langoni njia inapinda kulizunguka bomba la maji na eneo lenye matope, kisha inarudi kuelekea mtini. Rula ilikuwa imepita juu ya bomba, yeye hakuweza.

Tulirudi darasani na uzi. Aliulaza juu ya njia aliyoichora, akiukandamiza kwa kidole kila inapopinda, akatia alama mwanzo na mwisho, akaunyoosha kwenye rula. Sentimita 7.6. Mara 5, mita 38. Kwa hatua zake, 61.

Kisha nikampa ule mchoro wake wa kwanza, wenye madirisha na paa, nikamwomba anionyeshe njia hiyohiyo. Ilikuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka langoni hadi mtini, na bomba lilikuwa limechorwa upande wa pili wa shule.